Kuambatisha, kupunguza, kiungo au WhatsApp: njia ipi hulifikisha faili kwa msomaji?

Faili lililotumwa likishindwa kumfikia msomaji wake, sababu huwa mara nyingi moja kati ya nne: limezidi ukubwa ambao seva ya upande wa pili inaukubali, limeandikwa kwa muundo ambao kifaa cha msomaji hakiwezi kuufungua, limezuiwa na kichujio cha usalama, au halikuambatishwa kabisa bali kilikwenda kiungo ambacho msomaji hana ruhusa ya kukifungua. Kila njia ya kutuma huepuka baadhi ya sababu hizi na kuangukia nyingine. Katika ulinganisho huu ninazipima njia nne ambazo watu hapa Uganda huzitumia kupeleka hati ofisini, na kipimo changu kikuu si kasi wala urahisi, bali ni swali hili: njia hiyo ikishindwa, ni nani atakayejua, na atajua lini?

Nitaufuata mfano mmoja hadi mwisho. Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Arua anaomba kazi katika shule iliyoko Kampala. Ana kurasa 11: barua ya maombi, wasifu wa kurasa 3, vyeti vya UCE na UACE, shahada, matokeo ya chuo ya kurasa 2, na pande mbili za kitambulisho cha taifa. Barua na wasifu amezichapa na kuzitia saini, kisha kila ukurasa ameupiga picha kwa simu yenye kamera ya pikseli milioni 12. Kila picha ina takriban MB 3.1, na zote zimeunganishwa kuwa PDF moja ya MB 34. Tangazo la kazi linasema tu kwamba maombi yatumwe kwa barua pepe ya shule, bila kutaja ukubwa unaokubalika. Matangazo mengi ndivyo yalivyo, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Kuambatisha faili kama lilivyo

Barua pepe iliundwa kwa ajili ya kubeba herufi za kawaida tu. Mwaka 1992 ulipochapishwa utaratibu unaoitwa MIME, picha na hati ziliweza kusafiri ndani ya barua, lakini kwa sharti kwamba zigeuzwe kwanza kuwa herufi. Njia inayotumika kwa kawaida kufanya hivyo huitwa Base64: huchukua baiti 3 za faili na kuziandika kama herufi 4, kisha mistari hukatwa kila baada ya herufi 76 na kuongezewa alama za mwisho wa mstari. Kwa hesabu hiyo faili hukua kwa asilimia 37 hivi likiwa njiani. Mtu anayeona kwenye kompyuta yake kwamba hati ina MB 8, akaamini kwamba itapita kwenye seva inayokubali MB 10, hajui kwamba hati hiyo inasafiri ikiwa na karibu MB 11.

Ukomo wa MB 10 ninaoutaja hapa si wa kubuni. Postfix, ambayo ni mojawapo ya programu zinazoendesha seva nyingi za barua pepe duniani, huja ikiwa imewekewa ukomo wa baiti 10,240,000 kwa barua nzima, na ukomo huo hubaki hivyo mpaka msimamizi aubadilishe. Exchange ya Microsoft, inayowekwa kwenye seva za ofisi, nayo huja na ukomo wa karibu MB 10. Shule, halmashauri ya wilaya au shirika dogo lenye seva yake ambayo haijaguswa tangu ilipowekwa huenda likawa na ukomo huu huu. Ukizigawanya baiti 10,240,000 kwa 1.37, unapata takriban baiti milioni 7.47. Ndiyo maana ninashauri kwamba anayemtumia mtu ambaye hajui seva yake ahakikishe viambatisho vyote kwa jumla havizidi MB 7. Kwa upande mwingine, anayetuma kutoka Gmail anaruhusiwa viambatisho vya hadi MB 25, na hapo hudanganyika kirahisi, kwa sababu ukomo anaouona ni wa nyumba anakotoka mzigo, si wa nyumba unakokwenda.

Kinachotokea ukomo unapozidiwa kinaeleweka vizuri. Seva mbili zinapoanza kuzungumza, ile inayopokea hutangaza ukubwa wa juu inaoukubali, kwa mfano `SIZE 10240000`. Inayotuma ikiona kwamba barua imezidi, huacha kuipeleka na kumrudishia mtumaji taarifa yenye jina kama `Mailer-Daemon` au `Mail Delivery Subsystem`. Ndani ya taarifa hiyo, katikati ya maneno mengi ya Kiingereza, kuna mstari unaofanana na huu:

```
552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit
```

Mstari huu ndio unaostahili kusomwa, na nambari yake inatosha hata kwa asiyejua Kiingereza. Tarakimu ya kwanza ya 5 inamaanisha kwamba seva imekataa moja kwa moja na kurudia kutuma vilevile hakutasaidia, ilhali 4 inamaanisha kwamba kizuizi ni cha muda na seva itajaribu tena yenyewe. Nambari 5.3.4 au 5.2.3 zinahusu ukubwa wa barua. Nambari 5.2.2 inasema kwamba kisanduku cha mpokeaji kimejaa, kwa hiyo hata ukilipunguza faili hutafanikiwa mpaka yeye afute baadhi ya barua zake. Nambari 5.1.1 inaonyesha kwamba anwani yenyewe haipo, na zile zinazoanza na 5.7 zinahusu usalama au masharti ya seva.

Kwa kipimo changu, hii ndiyo sifa kubwa ya kuambatisha: likishindikana kwa sababu ya ukubwa, kwa kawaida mtumaji huambiwa, mara nyingi ndani ya dakika chache. Lakini taarifa hurudi kwenye anwani iliyotuma. Wapo watu wengi wanaokwenda kwenye duka la intaneti, wakatumia anwani ya mhudumu au ya kijana wa nyumbani, wakalipa na kuondoka. Taarifa ya kukataliwa inaingia kwenye kisanduku cha mtu asiyehusika, naye anaifuta pamoja na matangazo. Mwenye hati anaendelea kusubiri jibu, akidhani kwamba shule imemdharau. Ni jambo linaloniuma, kwa kuwa ujumbe ulikuwepo ukiwa umeandikwa wazi. Anayetumia njia hii atume kwa anwani yake mwenyewe, akae dakika kumi, kisha afungue kisanduku chake tena kabla ya kutoka mlangoni.

Kuhusu mwalimu wetu wa Arua, faili lake la MB 34 halifiki hata kwenye hatua hiyo. Gmail ikiona viambatisho vimepita MB 25, haimzuii. Inalipakia faili kwenye Google Drive na kuweka kiungo ndani ya barua. Mwalimu akibonyeza kitufe cha kutuma bila kusoma, atakuwa ameiacha njia ya kwanza na kuingia kwenye ya tatu bila kujua.

Kupunguza faili, kisha kuambatisha

Njia hii ndiyo ninayoipendelea kwa maombi ya kazi, na inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu watu huifanya vibaya kwa namna mbili zinazopingana: wengine hubana mahali pasipobanika, wengine hupunguza kupita kiasi.

Kosa la kwanza ni kuliweka faili kwenye ZIP. Kubana kwa ZIP hufanya kazi kwa kutafuta marudio katika data na kuyaandika kwa ufupi, kwa hiyo hati ya maandishi matupu au jedwali la hesabu hupungua sana. Picha za simu, hata hivyo, huwa zimekwisha kubanwa kwa JPEG tangu zilipopigwa, na marudio yameshaondolewa. ZIP ya PDF hii ya MB 34 itatoka ikiwa na karibu MB 34 zilezile, na juu ya hapo msomaji atalazimika kuifungua kwanza, jambo ambalo baadhi ya watu hawajui kulifanya kwenye simu.

Kinachopunguza uzito ni kupunguza pikseli. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa nukta 150 hutoa pikseli 1,240 kwa 1,754, karibu milioni 2.2, ambayo ni robo tu, kwa kuwa upana na urefu vyote vimegawanywa kwa mbili. Picha ya pikseli milioni 12 ya ukurasa wa cheti inabeba maelezo mengi kuliko yanayohitajika kusomwa kwenye skrini, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ni vivuli vya karatasi na meza iliyo chini yake.

Kwa anayetumia simu, njia rahisi ni kuacha kupiga picha za kawaida na kutumia kiskani kilichomo kwenye programu, kwa mfano kile cha Google Drive kwenye Android, ambacho hukata kingo za karatasi, hunyoosha ukurasa na kutoa PDF moja kwa moja. Kwa mwenye kompyuta na PDF iliyokwisha tengenezwa, programu ya bure ya Ghostscript hufanya kazi hiyo kwa amri moja:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf
```

Neno `/ebook` hushusha picha hadi nukta 150 kwa inchi. Ukiandika `/screen` hushuka hadi 72, na `/printer` huziacha kwenye 300. Kurasa 11 za mwalimu zikipitishwa kwenye `/ebook`, kila moja ikabaki na takriban KB 350, faili zima litakuwa na MB 3.9 hivi. Likigeuzwa kuwa herufi njiani litafika MB 5.3, na litaingia kwa raha kwenye seva yenye ukomo wa MB 10.

Sasa nije kwenye kosa la pili. Mtu aliyefurahia kuona MB 34 zikiwa 3.9 hushawishika kuchagua `/screen` ili azipate chini ya MB 1. Kwa nukta 72, maandishi makubwa ya cheti yatasomeka, lakini namba ya mtahiniwa iliyochapwa kwa herufi ndogo, muhuri, na alama za masomo kwenye karatasi ya matokeo vitakuwa ukungu. Hapa kipimo changu kinatoa jibu baya kuliko la njia ya kwanza: hakuna seva itakayolalamika. Barua itafika, faili litafunguka, na msomaji ataliweka kando kwa sababu hawezi kuthibitisha namba. Mtumaji hatajua kamwe. Kwa hiyo kabla ya kutuma, lifungue faili lililopunguzwa, likuze hadi asilimia 200, na utafute maandishi madogo kuliko yote, ambayo kwa kawaida huwa ndani ya muhuri au chini kabisa ya karatasi ya matokeo. Ukiweza kuyasoma bila kukisia, faili linatosha. Usipoweza, rudia kurasa hizo mbili tatu peke yake kwa nukta 200 au zaidi na uziache zile za barua na wasifu kwenye 150. Nafasi iliyobaki chini ya MB 7 inaruhusu hilo bila shida.

Kutuma kiungo

Kiungo hakina tatizo la ukubwa. Barua inayokibeba ni nyepesi, haipimwi na ukomo wowote wa maana, na faili lenyewe hubaki kwenye hifadhi ya mtumaji. Kwa video ya somo, kwa picha za mradi au kwa hati ya MB 200, sioni njia nyingine ya mtandaoni iliyo nzuri zaidi kwa ofisi.

Udhaifu wake uko kwenye ruhusa. Kwenye Google Drive, faili jipya huwa chini ya `Restricted`, yaani hufunguliwa tu na watu waliotajwa kwa anwani zao. Gmail hujaribu kumsaidia mtumaji kwa kumuuliza, anapobonyeza kutuma, kama anataka kumpa mpokeaji ruhusa, lakini swali hilo hupitwa haraka. Tena, kiungo kilichonakiliwa kwa mkono na kubandikwa kwenye barua iliyotumwa kutoka huduma nyingine hakiulizwi swali lolote. Msomaji anakibonyeza, anakuta ukurasa unaomtaka aombe ruhusa, na hapo mambo mawili yanawezekana: aombe, kisha ombi liingie kwenye kisanduku cha mtumaji ambaye huenda haangalii hadi kesho, au aende kwa mwombaji mwingine. Karani mwenye maombi mengi mbele yake atafanya la pili, na sioni sababu ya kumlaumu.

Kwa maneno mengine, kiungo kikishindwa, anayejua ni msomaji, si mtumaji. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote kati ya njia hii na kuambatisha, na ndiyo inayonifanya niiweke chini kwa maombi yenye tarehe ya mwisho. Kuna njia ya kujihakikishia mapema: badilisha ruhusa iwe `Anyone with the link` pamoja na `Viewer`, kisha ukifungue kiungo hicho kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kwenye akaunti yoyote. Kikifunguka hapo, kitafunguka kwa karani. Ukikijaribu kwenye dirisha la kawaida hujajaribu chochote, kwa sababu Google inakutambua wewe mwenyewe kuwa mwenye faili.

Ruhusa hiyo ya wazi ina gharama yake. Kiungo kikisambazwa, yeyote aliyekipata atakiona kitambulisho cha taifa na namba yake ya NIN. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kukirudisha kiungo kilichokwisha zagaa. Ikibidi kutuma kitambulisho kwa kiungo, toa ruhusa kwa anwani ya mpokeaji peke yake ukijua kwamba ana akaunti ya Google, au funga ruhusa baada ya usaili. Na usilifute faili kwa ajili ya kutafuta nafasi kwenye simu au hifadhi kabla mchakato haujaisha. Kiungo hakibebi nakala, na ukilifuta faili, kila aliyetumiwa atakuta patupu. Huduma nyingine za kutuma mafaili makubwa bila malipo hufuta faili zenyewe baada ya siku chache, jambo lisilofaa kwa ofisi inayofungua maombi yote siku moja baada ya tarehe ya mwisho.

Jambo lingine ni kwamba msomaji anahitaji data wakati wa kusoma. Tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini inatozwa ushuru wa asilimia 12, na MB 34 zinazofunguliwa kwenye simu ya mtu binafsi ni gharama anayoilipa yeye. Kupunguza faili ni adabu hata pale ukubwa wake hauzuiwi na seva.

Kutuma kwa WhatsApp

WhatsApp hukubali hati ya hadi GB 2 tangu mwaka 2022, kwa hiyo faili la mwalimu lingepita bila kuguswa. Kosa linaloharibu kazi hapa ni kutuma vyeti kama picha badala ya hati. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa na programu yenyewe, na muhuri uliosomeka kwenye simu ya mtumaji hufika ukiwa umefifia. Ikitumwa kupitia sehemu ya hati, hufika na baiti zake zote.

Alama mbili za tiki huonekana kuwa uthibitisho, lakini zinathibitisha kwamba ujumbe umefika kwenye simu, si kwamba hati imepakuliwa. Kwa mpangilio wa awali wa programu, hati hujipakua zenyewe pale simu inapokuwa kwenye Wi-Fi tu. Anayetumia data ya simu lazima aibonyeze. Faili lisilopakuliwa halikai kwenye seva za WhatsApp milele, na msomaji anayelirudia baada ya wiki nyingi anaweza kuambiwa amwombe mtumaji alitume tena.

Hata hivyo pingamizi langu kubwa si la kiufundi. Hati iliyotumwa kwenye simu ya karani iko kwenye simu ya karani. Akipewa likizo, akihamishwa au akibadilisha simu, ofisi haina kumbukumbu kwamba uliomba. Ninaitumia WhatsApp kwa moyo mweupe pale ninapomtumia mtu ninayemfahamu hati anayoisubiri wakati huohuo, na ninaikataa kama njia pekee ya kupeleka maombi rasmi. Kuhusu Messenger sina mengi ya kusema: Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na kumtumia mtu hati mahali anapopafikia kwa kuzunguka kizuizi ni kumwongezea kazi.

Wapo pia wanaotia flashi kwenye bahasha na kuipa basi la kwenda Kampala, karibu kilomita 500. Hufika, lakini kompyuta nyingi za ofisi haziruhusu flashi za nje kwa kuhofia virusi, kwa hiyo ulizia kwanza.

Muundo wa faili hukata njia zote nne

Ukubwa hutofautiana kati ya njia na njia, lakini muundo usiofunguka haufunguki popote. Hapa ushindi wa PDF ni wa wazi, na sababu yake si mazoea. PDF hubeba ndani yake mpangilio wa ukurasa na, ikitengenezwa sawasawa, hata fonti zilizotumika, kwa hiyo wasifu wa kurasa 3 hubaki kurasa 3. Hati ya `.docx` hutegemea fonti zilizopo kwenye kifaa cha msomaji. Ikikosa mojawapo hubadilisha na nyingine, mistari husogea, na jedwali la elimu linaweza kumwagikia ukurasa wa nne. Tuma `.docx` pale tu mpokeaji anapotakiwa kuihariri.

Miundo mingine hushindwa kabisa. Picha za iPhone huhifadhiwa kwa `.heic` tangu mwaka 2017, na kompyuta nyingi za Windows haziifungui bila kuongezewa programu. Hati ya `.pages` kutoka kwenye Mac haifunguki kwa Word. Barua iliyoandikwa kwenye Outlook kwa muundo wa Rich Text inaweza kumfikia mtu wa huduma nyingine ikiwa na kiambatisho kimoja kiitwacho `winmail.dat`, huku hati halisi ikiwa imefungiwa ndani yake. Tiba ni kwa mtumaji kubadilisha muundo wa barua kuwa HTML na kutuma upya.

Vichujio vya usalama navyo huangalia herufi zilizo baada ya nukta kwenye jina la faili. Gmail hukataa `.exe`, `.js`, `.bat` na jamii zake, hata zikiwa ndani ya ZIP. Katika jamii hiyo imo `.lnk`, ambayo humpata mtu asiye na nia mbaya: kwenye Windows, alama ya hati iliyo kwenye skrini ya mwanzo inaweza kuwa njia ya mkato tu, na mtu akiiambatisha anaweza kutuma anwani ya faili badala ya faili. Utaitambua kwa ukubwa wake wa KB 1 au 2 mahali palipotakiwa kuwa na mamia. Hati iliyofungwa kwa nywila pia ina hatari yake, kwa kuwa kichujio kisichoweza kuona ndani mara nyingi huitenga bila kumwarifu mtu.

Uamuzi kwa mwalimu wa Arua

Kwa hali yake, ningemwambia achague njia ya pili: PDF moja ya MB 4 hadi 6, iliyopunguzwa hadi nukta 150 na kurasa za matokeo zikiwa 200, yenye jina linalomtambulisha, iambatishwe kutoka kwenye anwani yake mwenyewe. Kama vyeti vyake vingekuwa kurasa 40 na vikagoma kushuka chini ya MB 7, ningechagua barua mbili zilizoandikwa wazi kwenye kichwa “1 kati ya 2” na “2 kati ya 2” kabla ya kufikiria kiungo, kwa sababu kila moja ikikataliwa atajulishwa. Kiungo ningekiacha kwa kitu kisichogawanyika, kama video ya somo, na hapo kijaribiwe kwenye dirisha la faragha. Angekuwa anamtumia mtu binafsi mwenye Gmail badala ya shule, faili la hadi MB 18 lingepita bila wasiwasi, na kupunguza kungebaki kuwa hiari ya kumhurumia data yake.

Baada ya kutuma, namna ya kuuliza ina uzito wake. “Umepata?” hujibiwa “Nimepata” na mtu aliyeona barua tu. Ujumbe mfupi ufaao ungekuwa kama huu: “Habari za kazi, mama. Mimi ni mwalimu niliyetuma maombi leo asubuhi kutoka Arua. Naomba unisaidie kuangalia kama PDF inafunguka na kama ina kurasa 11, na kama namba iliyo kwenye muhuri wa ukurasa wa 9 inasomeka.” Karani akijibu, “Mwalimu, zipo 11, lakini ya tisa sioni vizuri,” mwalimu ana jioni nzima ya kuskani upya ukurasa huo mmoja na kuutuma kabla ya tarehe ya mwisho.